Barua Yetu ya Kwaheri kwa Wanakwaya wa Silanga
(Itasomwa baada ya Misa ya Jubilei)



Wengi wenu mnatujua kama Mwalimu na Mama Daftari. Kwa miaka 22 mmoja wetu amesimama mbele ya kwaya kufundisha nyimbo, na mwingine ameketi kwenye benchi la nyuma na daftari la michango magotini. Mwisho wa mwezi huu tunarudi nyumbani Ukambani. Mama yetu mzee hawezi tena kukaa peke yake, na kodi ya nyumba ya Nairobi na mshahara wa mtu wa kumtunza kule haviwezi kutoka katika mfuko mmoja. Kwetu neno silanga ni bwawa la maji, na tulipohamia hapa, karibu na Bwawa la Nairobi, jina la mtaa lilitufurahisha hata kabla hatujapata nyumba. Basi tunatoka silanga moja kwenda nyingine, ingawa ile ya nyumbani ina ng'ombe na hii yenu ina magugu.

Kamati ilituomba tuseme maneno ya kuaga. Tulikaa siku tatu mezani tukijaribu kuandika maneno mazuri, tukaona hayatawasaidia Jumapili ijayo. Tumeona afadhali tuwaachie yale tuliyokuwa tumeyabeba kichwani, maana hilo ndilo kosa letu kubwa: tuliyabeba peke yetu. Mnakumbuka mwaka ule Mwalimu alipolazwa hospitalini wiki tatu. Kwaya yenye watu zaidi ya 40 iliimba nyimbo sita tu, zilezile, Jumapili tatu, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyejua kila wimbo unaanzia sauti gani. Watu walitupongeza kwamba tunahitajika sana. Sisi tulirudi nyumbani tukiwa na aibu.

Tuanze na nyimbo.

Kuna Jumapili moja stima ilipotea katikati ya Utukufu. Kinanda kikanyamaza, nyinyi mkaendelea bila kutikisika, na waumini wakafurahi. Kisha stima ikarudi, mpiga kinanda akaingia kwa nguvu, na kanisa zima likakunja uso. Kinanda kilikuwa pale pale kilipoachwa. Sisi ndio tuliokuwa tumeshuka chini karibu nusu toni, na hakuna aliyekuwa amejua.

Kwa muda mrefu tulilaumu besi, kama ilivyo desturi ya kwaya. Besi, tunawaomba radhi leo mbele ya watu. Baadaye tulirekodi mazoezi kwa simu, tukasikiliza mstari mmoja mmoja, na kila mwisho wa mstari tukapima kwa uma wa sauti, yaani kile chuma chenye meno mawili ambacho Mwalimu hukigonga gotini na kukiweka sikioni. Kile chuma hutoa sauti moja tu, inayoitwa A, mitetemo 440 kwa sekunde, iwe joto au baridi, stima iwepo au isiwepo. Tuligundua kwamba wimbo haushuki kote. Unashuka mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni pale sauti inapoteremka kutoka so hadi do. Mkifika mi, mnaikanyaga chini kidogo, na re na do zinafuata huko huko chini kama watu wanaoteremka ngazi yenye kidato kilichovunjika. Mahali pa pili ni pale silabi nyingi zinapoimbwa kwa sauti ileile moja. Kiswahili kina silabi nyingi, kwa hiyo watunzi wetu hupenda kurudia noti moja mara sita au saba ili sentensi iishe. Kila mnaporudia, inapungua kidogo sana, kiasi kwamba sikio halishtuki. Lakini kidogo mara saba, katika beti nne, ni ile nusu toni iliyotuaibisha.

Dawa yake si kupaza sauti. Ukipaza, sauti inakuwa kubwa na bado iko chini. Vuteni pumzi kabla ya mstari, si katikati yake. Imbeni zile noti za kurudia kana kwamba kila moja iko juu kidogo kuliko iliyotangulia. Haitapanda, itabaki pale pale, na hicho ndicho tunachotaka. Msifanye mazoezi mkiwa mmeketi kwenye mabenchi mmeinama juu ya karatasi, kisha Jumapili mkashangaa mwili umezoea kuinama. Na wimbo mgumu ujaribuni nusu toni juu ya ule ulioandikwa. Inaonekana kinyume, kupanda ili usishuke, lakini ule Utukufu tulioupanga Do iwe F ulishuka kila mara, na tulipouhamishia F shapu ulikaa. Hatuwaahidi kwamba itakuwa hivyo kwa kila wimbo. Sauti ya kwanza wakianza kuimba kwa shingo kwenye kiitikio, mishipa imesimama na midomo imebana, basi mmepanda mno, rudini chini.

Sasa, kupata sauti ya kuanzia bila kinanda, jambo ambalo wengi mlidhani ni kipaji. Si kipaji, ni hesabu ndogo. Uma umekupa A. Ukitaka Do iwe F, ile A ni mi yako: imba mi, re, do, umefika. Ukitaka Do iwe G, ile A ni re: imba re, do. Ukitaka F shapu, tafuta kwanza F kama tulivyosema, kisha iite hiyo F mi, upande hadi fa. Hapo uliposimama ni F shapu. Iite Do na uanze. Katika daftari la kijani tumeandika pembeni mwa kila wimbo Do yake na njia ya kuifikia kutoka kwenye uma. Ni nyimbo 118. Kazi hiyo imetuchukua kuanzia Kwaresima hadi sasa, na ndiyo zawadi yetu ya Jubilei.

Jambo moja dogo kabla hatujaacha nyimbo. Vijana mmetuuliza mara nyingi zile alama za mikono zilitoka wapi. Zilienezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen, katika karne ya 19, ambaye alichukua mbinu ya solfa ya mwalimu Sarah Glover akaiendeleza ili watu wasiojua nota waweze kuimba. Sisi tulizileta hapa kwa sababu ya mvua. Mnalijua paa letu la mabati. Mvua ikinyesha, hata besi wote wakiungana hawasikiki na mtu aliye mbele yao. Mwanzoni tulikuwa tunavunja mazoezi na kurudi nyumbani tukilowa. Kisha tukasema, kama masikio hayafanyi kazi, tutumie macho. Ngumi ni do. Kiganja kilicholala kama meza ni mi. Kiganja kinachokutazama, kidole gumba juu, ni so. Kidole cha shahada kikielekea juu ni ti. Mwalimu alionyesha, nyinyi mkaimba kwa ndani, mvua ikapiga, na mvua ilipokatika tuliimba wimbo kwa sauti mara ya kwanza na ukatoka. Baadhi yenu mlilia siku ile. Msiache mazoezi hayo ya mvua. Mtu akiweza kuisikia mi kichwani kabla ya kuitoa, mara nyingi haikanyagi chini.

Tunakuja sasa kwenye daftari la pili, lile jekundu, la mfuko wa rambirambi. Hapa tunaomba mtusikilize kwa utulivu, maana tuna neno la kukiri.

Mnajua kanuni yetu. Kila mwanakwaya hutoa shilingi 50 kwa wiki. Mwanakwaya akifariki, au akifiwa na mume, mke, mtoto au mzazi, mfuko unatoa shilingi 15,000 mara moja, bila kusubiri kikao, kwa sababu mochari na gari la kusafirisha mwili havisubiri kikao. Michango mingine ya matanga inakuja juu ya hiyo. Kanuni hii ilituunganisha watu wa makabila yote, hata nyakati ambazo mtaa wenyewe uligawanyika.

Machi 2020 korona ilipoingia nchini, makanisa yalifungwa na mazoezi yakakoma, na pamoja nayo michango ya wiki. Mfuko ulikuwa na shilingi 86,400. Wengi wetu ni watu wa kibarua. Mama fua walikuwa wanarudishwa langoni Lang'ata na Kilimani kwa sababu wenye nyumba waliogopa ugonjwa. Mijengo ilisimama. Kafyu ilianza saa moja jioni, saa ambayo wauza samaki na chapati ndipo huanza kupata wateja. Kamati ilishauriana kwa simu, kwa kuwa hatukuweza kukutana, ikaamua kukopesha shilingi 2,000 kwa kila mwanakwaya aliyekosa kazi kabisa. Walikopa 23. Hizo ni shilingi 46,000. Zikabaki 40,400. Katiba yetu haikuruhusu mfuko wa rambirambi kukopesha. Tuliliona hilo, tukasema walio hai nao wanakula. Hata leo hatuoni kwamba tulikosea hapo.

Juni mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Tukatoa 15,000, zikabaki 25,400. Julai makanisa yakafunguliwa kwa masharti mnayoyakumbuka: watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Waimbaji wetu wakongwe walisimama nje ya lango wakisikiliza. Agosti akafiwa mwingine na baba yake. Tukatoa 15,000, zikabaki 10,400. Na Oktoba tukampoteza ndugu yetu wa besi, yule aliyekuwa na kicheko cha kuchelewa, aliyecheka wenzake wakishamaliza.

Alistahili 15,000 kama wengine. Mfuko ulikuwa na 10,400. Tulimpelekea mjane wake zote, tukamwambia, Mama, hiki ndicho kilichopo kwa sasa, kinabaki 4,600, tutakuletea. Alipokea kwa mikono miwili, akasema Mungu awabariki, akasafiri na watoto na mwili wa mumewe.

Usiku ule tulifunga ukurasa. Mfuko ulikuwa sufuri, na daftari lilitaka kulingana. Mahali pa maelezo tuliandika: rambirambi, imelipwa. Hatukuandika kwamba bado kuna deni. Hatukukusudia kuficha, tulikuwa tumechoka, na tulijua wenyewe, tukadhani kujua kunatosha. Mwaka uliofuata kamati ikabadilika. Waliokopa wakaanza kurudisha, mia mbili leo, mia tano mwezi ujao. Mfuko ukasimama tena. Kila mwisho wa mwaka wakaguzi wetu wawili walijumlisha mapato, wakajumlisha matumizi, wakalinganisha na pesa iliyopo, na kila mwaka hesabu ilikubali hadi shilingi ya mwisho. Wakatia sahihi. Wakaguzi hawana kosa. Hesabu ya pesa iliyoingia na iliyotoka haiwezi kukuonyesha pesa ambayo ilipaswa kutoka na haikutoka.

Tuliiona mwezi wa pili mwaka huu, tulipokuwa tunanakili majina ya wote waliowahi kupokea rambirambi ili tuwaachie orodha safi. Mstari kwa mstari: 15,000, 15,000, 15,000, na ukurasa wa 61, 10,400. Mama Daftari aliweka kalamu chini. Hatukulala.

Tulikuwa na pesa kidogo ya safari, na wazo la kwanza lilikuwa tutume 4,600 kimyakimya kwa simu, jambo liishe. Tukakataa. Deni lile si letu wawili, ni la kwaya, na yule mama anastahili kusikia kutoka kwa kwaya ya mumewe. Pia tungelimaliza kimya, daftari lingebaki na uongo wake. Tulimweleza mwenyekiti na mweka hazina mpya. Amekubali kwamba hayo ndiyo malipo ya kwanza atakayotia sahihi, na Jumamosi iliyopita tulimpigia mjane huyo simu sote wanne. Hakusema mengi. Aliuliza kama bado tunauimba ule wimbo wa vipaji ambao mumewe aliuanzisha. Tulimwambia ndiyo.

Kwa hiyo daftari jekundu jipya limechorwa tofauti. Kila rambirambi sasa ina safu tatu: kinachostahili, kilichotolewa, kilichobaki. Safu ya tatu isiyo na sufuri haifungwi, hata ukurasa ukijaa. Inahamishwa ukurasa unaofuata kwa mkono, kila mwezi, hadi iishe. Ni kazi ya kuchosha, na ule uchovu ndio unaomfanya mtu akumbuke. Tena, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, safu hiyo isomwe kwa sauti kwenye mazoezi, kabla ya wimbo wa kwanza. Mtu wa sauti ya pili asiyejua hesabu hata kidogo angeinua mkono mwaka 2020 na kuuliza, mbona huyu kapewa pungufu?

Limebaki la mikopo. Kati ya wale 23, wamelipa yote 14. Wanabaki tisa, jumla shilingi 18,000. Wanne wamehama Kibera na simu zao hazipatikani. Mmoja amefariki, na mfuko ulimzika bila kukata deni, jambo ambalo tulilifanya kwa makusudi na tunalitaja ili lijulikane. Wanne bado wanaimba nasi. Hatutasoma majina. Tuliwaahidi wakati ule kwamba hayatasomwa kanisani, na hakuna aliyekopa kwa anasa. Lakini mnapaswa kuamua katika mkutano mkuu: mwasamehe tisa wote, au mwawasubiri? Mkisamehe, semeni hivyo waziwazi na mwandike tarehe, maana deni lisilodaiwa na lisilosamehewa linamfanya mtu aache kuja mazoezini. Tumeshaona wawili wakiacha kwa sababu hiyo. Na wale 14 waliojinyima wakalipa wasikilizwe pia, kwa maana mmoja wao alitulipa kwa sarafu za kuuza mandazi. Sisi tuna maoni yetu, lakini wanaoondoka hawapigi kura, kwa hiyo tunayaacha mlangoni.

Mwisho, vitu. Daftari la kijani liko kwa viongozi wa sauti zote nne. Kila mmoja ana nakala, ili mgonjwa mmoja asizime kwaya tena. Daftari jekundu la zamani halitupwi, pamoja na ukurasa wa 61 kama ulivyo, na sahihisho limeandikwa chini yake kwa kalamu nyingine na tarehe ya mwaka huu. Funguo za kabati ni mbili, moja kwa mwenyekiti, moja kwa katekista. Sare 12 za ziada zimefuliwa. Kinanda kinahitaji adapta mpya, ile ya sasa inashikiliwa na mpira wa baiskeli, na mpiga kinanda amekuwa mwungwana kutosema.

Uma wa sauti tumempa yule binti wa sauti ya pili ambaye miaka minne iliyopita alikuwa anajificha nyuma ya nguzo ili asiulizwe solfa. Amejifunza A na mi na re zake. Wimbo wa kutoka leo ni wake. Kinanda hakitampa sauti, tumekubaliana hivyo, na Mwalimu hatasimama mbele. Sisi wawili tutakuwa kule kwenye benchi la nyuma, upande wa besi, kwa sababu wana pengo la mtu mmoja tangu Oktoba 2020, na tungependa kuimba nao angalau mara moja.

Binti, gonga uma. Tunakusubiri.